Maelezo ya Faragha kwa Mteja wa Kawaida: Nini, kwa Nini, na Hadi Lini

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika nchini Tanzania, tarehe 1 Mei 2023, taasisi nyingi zimejikuta na kazi ya kuandika kwa Kiswahili maelezo ya kumjulisha mteja ni mambo gani yake yanayochukuliwa, yanachukuliwa kwa ajili gani na yatakaa kwa muda gani. Kenya ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019. Sheria ya Tanzania imetungwa kwa Kiswahili, nayo inamtaka mwenye kukusanya taarifa ahakikishe, kabla hajazikusanya, kwamba mwenye taarifa anatambua kusudi la kukusanywa kwake. Neno la kuangaliwa hapo ni "anatambua". Sheria haikuridhika na karatasi kubandikwa ukutani.

Hata hivyo, maelezo mengi yanayotolewa ni tafsiri za matini ya Kiingereza yaliyoandikwa na mawakili kwa ajili ya mawakili. Msomaji huyapitisha jicho, akabonyeza "Nakubali", akaendelea na shughuli yake. Lawama hutupiwa istilahi: husemwa kwamba maneno kama "kuchakata" na "ridhaa" ndiyo yanayomshinda mteja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi ni sehemu moja tu ya tatizo, tena si kubwa kuliko zote. Kikwazo kikubwa ni kwamba matini ya chanzo mara nyingi hayasemi jambo lenyewe, na mfasiri hawezi kukifanya kiwe wazi kile ambacho hakikuandikwa. Kwa hiyo, kuandika upya maelezo ya namna hii huanza kwa kuuliza maswali, na kalamu hufuata baadaye.

Matini ya mfano

Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila kipande chake kinafanana na yanayosomwa katika programu za simu zinazokopesha fedha. Tumechagua mikopo ya simu kwa sababu hapo mteja asipoelewa hupata hasara ya haraka: heshima yake huweza kuchafuka mbele ya jamaa na majirani kabla hata hajajua alichokubali.

"Kampuni inaweza kukusanya na kuchakata taarifa binafsi za mhusika, zikiwemo lakini si tu taarifa za utambulisho, taarifa za kifaa, mahali na orodha ya mawasiliano, kwa madhumuni halali ya kibiashara. Taarifa hizo zitahifadhiwa kwa muda usiozidi ule unaohitajika kutimiza madhumuni hayo au kama itakavyotakiwa na sheria, na zinaweza kutolewa kwa wahusika wengine waliochaguliwa."

Kisarufi aya hii haina kosa kubwa, na mwalimu wa sekondari angeipa alama nzuri. Lakini mpe mkopaji aisome, kisha umwulize: "Ukimaliza kulipa leo, mwakani kampuni itakuwa bado na nini chako?" Hatakuwa na la kujibu. Hata wakili aliyeiandika hatakuwa na la kujibu, kwa kuwa jibu halimo.

Maneno yanayomwelekeza msomaji kwingine

Tuanze na istilahi, kwa kuwa ndizo zinazowahusu wasomaji wa kurasa hizi moja kwa moja.

Neno "taarifa" limebeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Ni habari inayosomwa redioni, ni ripoti ya mkutano, ni tangazo la mwajiri kwa mfanyakazi, na sasa ni zile habari zinazomhusu mtu. Ndiyo maana tunakutana na sentensi kama "Taarifa hii inakupa taarifa kuhusu taarifa zako." Ushauri wetu ni kwamba "taarifa" ibaki na maana iliyopewa na sheria, na karatasi yenyewe iitwe "maelezo" au "tangazo". Je, tutumie "data", kama wengi wafanyavyo Kenya? Katika maandishi ya kitaalamu neno hilo halina ubaya. Lakini kwa mwenye simu, "data" ni kile kifurushi cha intaneti anachonunua dukani. Ukimwandikia "Tunatumia data yako", ataelewa kwamba programu inamlia bando, na atakasirika kwa sababu isiyo yenyewe.

"Kukusanya" nalo lina matatizo mawili. Kwanza, kwa mtu aliyekopa, anayekusanya ni yule anayekuja kudai. Tunakusanya kodi, tunakusanya madeni. Pili, na hili ni zito zaidi, kitenzi hiki kinafunika njia tatu zilizo tofauti kabisa: kile ambacho mteja ametoa mwenyewe kwa kuulizwa, kile ambacho programu imekisoma katika simu yake bila yeye kuandika neno, na kile ambacho kampuni imepewa na watu wengine. Mteja anajua njia ya kwanza tu. Anadhani kwamba kampuni inajua yale aliyoyajaza katika fomu basi. Kwa hiyo, katika maelezo yake, vitenzi vitenganishwe: "unatupa", "tunasoma katika simu yako", "tunapewa na fulani". Pakiwa na vitenzi vitatu badala ya kimoja, nusu ya kazi ya kueleza imekwisha.

"Kuchakata" ni neno zuri lililotolewa mashambani: mkonge huchakatwa ili kupata nyuzi. Lina sura ya kazi yenyewe, na katika sheria limekaa mahali pake. Lakini mteja haulizi kama taarifa zake zinachakatwa, anauliza zinafanyiwa nini. Kila panapoandikwa "tunachakata", mwandishi ajiulize ni tendo gani hasa: kulinganisha, kukadiria, kupeleka, kutunza au kufuta? Aandike tendo hilo.

Lililo gumu zaidi ni "mkusanyaji". Katika Sheria ya 2022 mkusanyaji ni yule anayeamua kusudi la kuchakata taarifa na njia zitakazotumika, na mchakataji ni yule anayefanya kazi hiyo kwa niaba yake. Katika lugha ya kila siku mambo ni kinyume: anayekusanya ni wakala aliyekaa kibandani na kuandika namba ya kitambulisho chako daftarini. Mteja akiambiwa apeleke malalamiko yake kwa "mkusanyaji", atamwendea wakala, ambaye hana mamlaka ya kufuta hata mstari mmoja. Hatupendekezi istilahi ya kisheria ibadilishwe. Imekwisha kukaa na mahakama zitaizoea. Tunapendekeza kwamba katika maelezo ya mteja, jina la kampuni litajwe mara moja mwanzoni, kisha itumike nafsi ya kwanza wingi, "sisi", na mahali pamoja tu paelezwe kwamba kisheria kampuni hiyo ndiyo mkusanyaji, yaani ndiyo inayoamua na ndiyo ya kulalamikiwa.

"Mhusika" na "wahusika wengine" wamekaa katika aya moja, na msomaji hana njia ya kujua kwamba wa kwanza ni yeye mwenyewe na wa pili ni watu asiowajua kabisa. Hapa dawa ni nafsi ya pili. Wako maofisa wanaoogopa kwamba kumwambia mtu mzima "wewe" ni utovu wa adabu. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, maana Kiswahili hakilazimishi kulitaja neno "wewe". Anza na "Ndugu Mteja", kisha uache viambishi vifanye kazi: "ukiomba", "tutakupigia", "namba yako". Heshima imo katika salamu, na uwazi umo katika kitenzi.

Kitenzi -weza na kauli ya kutendwa

Kiswahili kinapotumia "-weza", hakitenganishi kwa neno moja uwezo, ruhusa na uwezekano. "Kampuni inaweza kutoa taarifa zako" yaweza kusomwa kwamba ina vyombo vya kuzitoa, kwamba imeruhusiwa kuzitoa, au kwamba huenda siku moja ikazitoa. Mwandishi wa Kiingereza aliliweka neno lake hapo ili asijifunge, na mfasiri ameuhamisha mlango huo wazi bila kujua unafunguka kwenda wapi.

Jopo la wasimamizi wa ulinzi wa taarifa wa Ulaya lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili, ukakamilishwa mwaka 2018 pamoja na kuanza kutumika kwa kanuni kuu ya Umoja wa Ulaya. Mwongozo huo unawaonya waandishi waepuke maneno yanayolegeza kauli, yale ambayo kwetu yangekuwa "huenda", "-weza", "baadhi", "mara nyingi" na "ikiwezekana". Kwetu sisi orodha hiyo haina budi kuongezwa "kama vile", "zikiwemo lakini si tu", na "na kadhalika". Orodha inayoishia kwa "na kadhalika" haimjulishi mtu alichotoa, maana kitu chochote kinaweza kuingizwa humo baadaye.

Mawakili wana hoja yao, na ni ya haki. Husema kwamba kampuni haijui leo kama itampelekea mtu fulani taarifa za mteja fulani, kwa hiyo "itatoa" lingekuwa uongo. Lakini Kiswahili kina kiambishi kilichotengenezwa kwa ajili hiyo hasa, nacho ni "-ki-" ya masharti, pamoja na "-sipo-" inayoikanusha. Badala ya "tunaweza kuwapigia watu wako", tuandike "Usipopatikana kwa siku 14 baada ya tarehe ya kulipa, tutawapigia." Kampuni haijajifunga zaidi ya inavyotenda, na mteja amejua ni tendo gani lake litakaloleta tendo gani la kampuni. Ikiwa kampuni haiwezi kuutaja hata ukomo wa sharti lenyewe, basi haijaamua inachofanya, na hilo si tatizo la lugha tena.

Kauli ya kutendwa hufanya dhambi ya namna hiyo hiyo. "Zitahifadhiwa" na nani? "Kutolewa" na nani, kwa nani? Katika matini haya kauli ya kutendwa itumike pale tu ambapo mtendaji hana maana kwa msomaji.

Muda: tangu lini?

Tufike sasa penye jambo ambalo, kwa maoni yetu, limeachwa gizani kuliko yote. "Kwa muda usiozidi ule unaohitajika" ni maneno yanayorudi katika kila tangazo, nayo yametoka katika kanuni ya sheria yenyewe: taarifa zisikae kuliko zinavyohitajika. Kanuni hiyo ni amri kwa kampuni, inayoitaka ikokotoe muda. Kampuni ikimrudishia mteja amri hiyo kama ndiyo jibu, ni sawa na muuza duka aliyeulizwa bei akajibu kwamba bei zake hazizidi zinazostahili. Mwongozo wa Ulaya tuliokwisha kuutaja unasema waziwazi kwamba kauli ya jumla ya namna hii haitoshi. Muda utajwe, au kama hauwezekani kutajwa, kielezwe kigezo ambacho mteja atakitumia kuukokotoa mwenyewe.

Basi kampuni ikubali kuandika "miaka 5". Je, yametosha? Hata kidogo. Miaka 5 tangu lini? Mteja huhesabu tangu siku aliyotoa taarifa. Kampuni aghalabu huhesabu tangu siku akaunti ilipofungwa. Na mteja wa mkopo wa simu hafungi akaunti. Anaifuta programu tu katika simu yake, akidhani kwamba amejitoa. Akaunti ikibaki wazi, hesabu haianzi, na miaka 5 hugeuka kuwa milele.

Viwango vya kimataifa vya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu vinatupa mfano mzuri. Vinazitaka taasisi za fedha zitunze kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka 5, na nchi yaweza kuweka muda mrefu zaidi katika sheria yake. Lakini humo mna vianzio viwili: kumbukumbu za kila muamala huhesabiwa tangu muamala ulipofanyika, ilhali nakala za vitambulisho huhesabiwa tangu uhusiano wa mteja na taasisi ulipokwisha. Tafsiri inayosema "tutatunza taarifa zako kwa miaka 5 kwa mujibu wa sheria" imeviyeyusha vianzio hivyo viwili kuwa kimoja, na hakuna msomaji atakayeweza kuvitenganisha.

Kwa sababu hiyo, kila kauli ya muda iwe na vipande vitatu: ni kitu gani, kwa kipindi gani, na kuanzia tukio gani ambalo mteja mwenyewe anaweza kuliona. "Siku unapomaliza kulipa" ni tukio linaloonekana. "Mwisho wa uhusiano wa kimkataba" halionekani.

Neno "kufuta" pia lichungwe. Baadhi ya kampuni huondoa jina na namba ya simu, zikabaki na kiasi kilichokopwa na tarehe zake kwa ajili ya hesabu za jumla. Hilo si kufuta. Liandikwe jinsi lilivyo: "Tutafuta jina lako na namba yako, tutabaki na idadi ya mikopo na viasi vyake." Tena mfasiri aulize kama namba ya simu imeondolewa kweli au imebadilishwa tu kwa namba nyingine ya siri ambayo kampuni inajua ni ya nani. Katika hali hiyo ya pili, mtu bado anatambulika, na kusema kwamba jina lake limefutwa ni kumhadaa.

Maswali kwa kampuni, na matini mapya

Mfasiri aliyepewa aya yetu ya mfano asianze kufasiri. Aifungue vipande, na kwa kila kipande amwulize mwenye matini: kitu hiki mnakipataje, mnakifanyia nini, nani mwingine anakiona, na kinafutwa siku gani na nani? Swali la mwisho apelekewe fundi wa mitambo, maana wakili hujibu kwa yanayotakiwa na fundi hujibu kwa yanayotendeka, na majibu hayo hayalingani mara zote.

Tuseme maswali yameulizwa. Inagunduliwa kwamba "orodha ya mawasiliano", yaani majina na namba zote za watu zilizohifadhiwa katika simu ya mteja, ilinakiliwa kutoka tangazo la zamani. Hilo halishangazi. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, duka la programu la Google Play lilizikataza programu za mikopo ya watu binafsi kusoma orodha hiyo pamoja na picha. Sababu ya kukataza inajulikana vema katika Afrika Mashariki: wako wakopeshaji waliokuwa wakiwapigia jamaa na mabosi wa mdaiwa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data nchini Kenya ilimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba alizozipata kwa watu wengine na kutuma ujumbe wa vitisho. Basi kampuni yetu ya mfano inakiri kwamba orodha nzima haiihitaji, na kwamba namba za watu 2 zinatosha. Hapo uandishi umesahihisha utendaji, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kutokana na majibu hayo, matini mapya yanaweza kuwa hivi. Viasi na muda ni vya mfano. Kila taasisi itaweka vyake.

"Ndugu Mteja,

Unachotupa mwenyewe. Unapojiandikisha tunakuuliza jina lako kamili, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Tunavitumia kuhakikisha kwamba anayekopa ni wewe, wala si mtu aliyeiba jina lako.

Tunachosoma katika simu yako. Ukituruhusu, tunasoma ujumbe wa fedha ulizotuma na ulizopokea kwa simu katika miezi 6 iliyopita, ili tukadirie mkopo unaoweza kuulipa. Ukibonyeza 'Ruhusu', simu itatufungulia ujumbe wako wote. Sisi tunachukua ule wa fedha tu. Ukikataa, bado utakopa, lakini mkopo wako wa kwanza hautazidi shilingi 50,000. Siku unayoomba mkopo tunaangalia pia mahali simu yako ilipo, mara moja tu, ili kuwagundua wezi. Hatusomi namba za watu ulizohifadhi katika simu.

Watu wako 2. Tunakuomba namba za watu 2 wanaokufahamu. Waombe ruhusa kwanza. Usipopatikana kwa siku 14 baada ya tarehe ya kulipa, tutawapigia kuwauliza unapatikana wapi. Hatutawaambia kwamba unadaiwa.

Tunaowapa. Kila mwezi tunapeleka jina lako, kiasi ulichokopa na tarehe ulizolipa katika ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo. Ukienda kukopa kwingine, mkopeshaji huyo ataziona.

Lini tunafuta. Ujumbe wa fedha: siku 90 baada ya kukujibu ombi lako. Mahali ulipokuwa: siku 30 baada ya ombi. Namba za watu wako 2: siku unapomaliza kulipa. Hesabu za kila mkopo: miaka 10 tangu ulipoulipa. Jina na kitambulisho: miaka 10 tangu akaunti yako ilipofungwa, kwa sababu sheria ya kuzuia fedha haramu inatutaka tuvitunze. Kuifuta programu katika simu hakufungi akaunti. Ili kuifunga, tupigie. Ikipita miaka 2 bila wewe kukopa, tutaifunga wenyewe."

Matini haya ni marefu mara kadhaa kuliko ya kwanza, na bila shaka mwenye kampuni atalalamika. Urefu huo hauna budi kukubaliwa, kwa kuwa ule ufupi wa kwanza ulipatikana kwa kutosema. Ikiwa kioo cha simu hakitoshi, kila fungu lipewe mstari mmoja wa mbele, na maelezo kamili yafunguke chini yake. Lakini mstari wa mbele uwe na jambo lile linaloweza kumshtua mteja. Kuweka mbele "Tunajali faragha yako", na kuficha nyuma habari ya kuwapigia watu wake 2, ni matumizi mabaya ya mpangilio huo.

Angalia pia kilichotokea kwa neno "faragha". Halikuonekana hata mara moja katika matini mapya. Neno hilo kwa watu wengi lina maana ya mahali pa upweke, pa mazungumzo ya siri kati ya wawili, na "sera ya faragha" huwapa wazo la kitu cha kufichwa. Liko sawa katika kichwa cha sheria na katika makala kama haya. Kwa mteja, kichwa "Tunachojua kuhusu wewe" kingemvuta asome.

Kuyapima

Usimwulize msomaji kama ameelewa. Kwa adabu yetu, jibu ni "ndiyo", hasa anayeuliza akiwa na kalamu na karatasi. Mpe maelezo ayasome, au umsomee kwa sauti ikiwa wateja wengi husomewa na wakala, kisha umwekee jambo la kutatua. "Hujalipa, na simu yako imepotea. Wiki 3 zimepita. Ni nani amepigiwa simu, na ameambiwa nini?" "Umeifuta programu mwezi uliopita. Kitambulisho chako kiko wapi sasa?" Watu 5 au 6 wasiofanya kazi katika kampuni hutosha kuonyesha pabovu. Wawili wakikosea swali lilelile, lawama ni ya sentensi. Katika matini yetu ya mfano, fungu la kwanza kuangaliwa lingekuwa lile la miaka 10, kwa kuwa lina vianzio viwili vinavyofuatana, na msomaji huchukua kimoja akakiacha kingine.

Wakala naye apimwe. Yeye ndiye atakayeulizwa na mteja, na mara nyingi hueleza kwa kifupi chake mwenyewe: "Ni kawaida tu, bonyeza hapo." Apewe maneno ya kutumia, yaliyo yaleyale ya maandishi.

Mwisho, tusisahau lugha yenyewe. Mwezi Julai 2021 msimamizi wa Uholanzi aliitoza TikTok faini ya euro 750,000 kwa kuwa maelezo yake ya faragha yalikuwa kwa Kiingereza tu, ilhali watumiaji wake wengi nchini humo walikuwa watoto wasomao Kiholanzi. Huko swali lilikuwa kama lugha ya msomaji ilitumika. Kwetu, ambako mara nyingi Kiswahili tayari kimo katika karatasi, ofisa anayepokea tafsiri aikague kwa kuanzia fungu la muda: atafute tarakimu, na karibu na kila tarakimu atafute neno "tangu" au "baada ya". Yasipokuwepo, airudishe kwa aliyeiandika pamoja na maswali.